Jedwali la usomaji wa mita: tulifunge Jumamosi usiku, au tulibadilishe polepole kwa wiki mbili?

Ndugu wenzangu wa ankara, huduma kwa wateja na mtandao wa mabomba,

Jumamosi hii usiku, kuanzia saa 6 hadi saa 8, naomba tulifunge jedwali la `usomaji`. Nasema kulifunga kwelikweli: mita hazitaandika, na skrini hazitasoma, hata ile inayomwonyesha mteja mita yake imefika ngapi. Wengine wenu mmeniuliza kama kazi hii haiwezi kufanyika huku mfumo ukiendelea. Inawezekana. Ndiyo maana naziweka hapa njia zote mbili, muone kila moja inadai nini, na kwa nini safari hii nimeegemea upande wa kufuli.

Kwanza tatizo lenyewe. Kila usomaji unaoingia hupewa namba yake kwenye safu ya `id`. Safu hiyo ilijengwa kwa aina ya `integer`, na namba ya mwisho ambayo aina hiyo inaweza kubeba ni 2,147,483,647. Leo asubuhi tulikuwa tumepita 2,097,000,000. Zimebaki kama milioni 50.

Nilipoona hivyo nilidhani nimesoma vibaya. Tuna mita 25,000, kila moja hutuma mara moja kwa saa, kwa hiyo kwa siku tunapata mistari 600,000. Na kwa kuwa tunafuta usomaji unaozidi siku 400, jedwali lina mistari milioni 240 tu. Namba bilioni mbili zimekwenda wapi? Jibu liko kwenye mita. Mita zetu hazituamini: kila zinapotuma, hutuma usomaji wa saa hiyo pamoja na wa saa mbili zilizotangulia, mtandao wa simu usije ukawa umeumeza. Hifadhidata ikiona usomaji ambao tayari inao, inauacha kimya kwa `ON CONFLICT DO NOTHING`. Lakini namba ya `id` huchukuliwa kabla ya kugundulika kwamba mstari ni wa marudio, na namba iliyochukuliwa hairudi. Kwa hiyo kila siku tunakula namba 1,800,000, na katika kila tatu, mbili zinatupwa. Kwa mwendo huo zilizobaki ni za siku 28.

Siku ya 29 kipokezi chetu cha data kitaanza kurudisha maneno haya kila mita inapojaribu:

```
ERROR:  nextval: reached maximum value of sequence "usomaji_id_seq" (2147483647)
```

Tangu hapo hakuna usomaji mpya, na bila usomaji hakuna ankara. Dawa ni kuibadilisha safu kuwa `bigint`, aina ambayo namba zake hatutazimaliza. Swali ni namna ya kuibadilisha.

Njia ya kwanza: kufunga, kubadilisha, kufungua

Amri yenyewe ni mstari mmoja. Kazi inayofanyika nyuma yake ndiyo kubwa. `integer` inakaa kwenye baiti 4 na `bigint` kwenye baiti 8, kwa hiyo PostgreSQL, programu inayoendesha hifadhidata yetu, haiwezi kubandika lebo mpya juu ya safu ya zamani. Inalazimika kuuchukua kila mstari kati ya hiyo milioni 240, kuuandika upya kwenye faili jipya, kisha kuzijenga upya faharasa zote mbili zinazoharakisha utafutaji. Hata mabadiliko mengine yanayofanana na haya kwa jina hayana uzito huu. Kuongeza safu mpya yenye thamani moja ya kuanzia, kwa mfano, ni kazi ya kufumba na kufumbua tangu toleo la 11. Kupanua namba siyo.

Wakati inanakili hivyo, mtu asingeweza kuandika mstari kwenye faili la zamani bila mstari huo kukosekana kwenye jipya. Ndiyo maana amri hii huchukua kufuli kali kuliko yote, linaloitwa `ACCESS EXCLUSIVE`. Kufuli hili halipatani na kitu chochote, hata na `SELECT` ya kawaida. Mwenye duka anayehamishia mali kwenye ghala jipya hafungi mlango kwa sababu ya wanunuzi pekee. Hata anayekuja kuangalia bei atasimama nje, maana mzigo uko njiani.

Wiki iliyopita nilijaribu kazi nzima kwenye nakala ya hifadhidata, kwenye mashine ya aina ileile. Ilichukua dakika 70.

Njia ya pili: safu mpya pembeni

Hapa hatuigusi `id`. Tunaongeza safu ya `id_mpya` ambayo ni `bigint`, na amri ndogo inayojiendesha kila mstari mpya unapoingia, iinakili namba kwenye safu hiyo. Kisha tunaanza kujaza mistari ya zamani kwa mafungu. Nikichukua mistari 20,000 kwa fungu, ni mafungu 12,000. Kila fungu linaomba kama sekunde 5 za kazi na sekunde 10 za kupumzika ili msihisi mfumo umekuwa mzito. Jumla ni saa 50. Tukifanya usiku tu, saa sita kila usiku, ni usiku tisa. Baada ya hapo tunajenga faharasa mpya kwa `CREATE UNIQUE INDEX CONCURRENTLY`, tunahakikisha hakuna mstari uliobaki mtupu, halafu tunabadilishana majina ya safu. Ukiweka na siku za kukagua, ni wiki mbili.

Uzuri wake ni kwamba kwa siku zote hizo ninyi mnaendelea na kazi. Ubaya wake uko mahali pasipoonekana kirahisi. PostgreSQL haifuti na kuandika juu: kila mstari uliobadilishwa huandikwa upya pembeni, na ule wa zamani hubaki pale mpaka usafishwe. Kuigusa mistari milioni 240 ni kuzalisha mistari mingine milioni 240 iliyokufa. Usafishaji usipoenda sambamba na ujazaji, jedwali linaweza kukaribia mara mbili ya ukubwa wake, na nafasi hiyo hairudi kwenye diski kwa usafishaji wa kawaida. Ripoti zenu za mwisho wa mwezi zingeanza kwenda pole, nanyi msingejua sababu.

Na jambo lililonifanya niandike barua hii ndefu ni hili: hata njia ya pili inapita kwenye kufuli lilelile. Kubadilishana majina ya safu kunadai `ACCESS EXCLUSIVE`. Ni kwa sekunde chache tu, ndiyo, lakini naomba tuzitazame vizuri sekunde hizo.

Kufuli la sekunde moja linavyoweza kula nusu saa

Mtakumbuka ile siku ya kufunga mwezi ambapo skrini za huduma kwa wateja ziliganda kwa dakika 22, watu wakiwa wamejipanga dirishani. Kosa lilikuwa langu. Niliongeza safu moja ndogo kwenye jedwali hilihili, kazi ambayo yenyewe haimalizi sekunde. Wakati huo ripoti ya ankara ilikuwa inasoma jedwali, na msomaji naye ana kufuli lake, jepesi. Kufuli langu halikuweza kuingia mpaka ripoti iishe. Basi likasimama kwenye foleni.

Kufikia hapo hakuna aliyeumia. Lakini foleni ya makufuli haikubali kupitwa. Kila `SELECT` iliyokuja baada yangu, ambayo kwa kawaida ingeingia sambamba na ripoti bila shida, ilikuta ombi langu zito liko mbele, ikapanga mstari nyuma yake. Kwa hiyo jedwali lilikuwa limefungwa kwa watu wote, ingawa mimi mwenyewe nilikuwa bado sijaingia. Kwa nje ilionekana kama seva imekufa. Kichakato kilikuwa kimetulia kabisa, na hiyo ndiyo dalili: mfumo umeganda, seva haifanyi kazi yoyote. Ukikutana na hali hiyo, amri hii itakuonyesha nani anamsubiri nani:

```sql
SELECT pid, pg_blocking_pids(pid), left(query, 60)
FROM pg_stat_activity
WHERE wait_event_type = 'Lock';
```

Kwa hiyo ulinganisho wa kweli siyo kati ya kufunga na kutofunga. Ni kati ya kufuli refu linalojulikana litaingia saa ngapi, na kufuli fupi ambalo bado linahitaji saa tulivu ili libaki fupi. Kwa vyovyote vile ningewaomba usiku mmoja wa wikendi.

| | Kufunga Jumamosi | Safu mpya pembeni |
|---|---|---|
| Kazi yote | usiku mmoja | kama wiki mbili |
| Jedwali kufungwa | dakika 70 | sekunde, kama hakuna anayesoma |
| Diski | nakala moja ya ziada, kisha inaachiwa | linavimba, na nafasi haiachiwi |
| Likikwama katikati | tunarudi tulipokuwa papo hapo | safu nusu, amri na faharasa za kusafisha kwa mkono |

Mstari wa mwisho wa jedwali hilo ndio uliouelemea uamuzi wangu. Katika PostgreSQL kazi ya njia ya kwanza yote iko ndani ya muamala mmoja. Ikikatizwa dakika ya 69, faili jipya linatupwa, la zamani liko palepale halijaguswa, na mfumo unafunguka ndani ya sekunde. Njia ya pili ina vituo vingi, na kila kituo kinaweza kukuacha na kitu nusu. `CREATE INDEX CONCURRENTLY` ikishindwa, kwa mfano, inaacha faharasa iliyoandikwa `INVALID`: haisaidii kutafuta, lakini inaendelea kuongeza kazi kila mstari unapoingia, mpaka mtu aione na kuifuta. Tukiwa na siku 28 mkononi, wiki mbili zinatosha. Zikikwama mara mbili, hazitoshi tena.

Ningeichagua njia ya pili bila kusita kama jedwali lingekuwa mara kumi ya hili. Dakika 70 zingekuwa karibu saa 12, na hakuna usiku wa saa 12 ambao mji hautumii maji.

Kwa nini saa mbili, na kwa nini hizo

Dada mmoja wa kitengo cha ankara aliniuliza swali zuri: usomaji wa hizo saa mbili utapotea? Hautapotea, na sababu ni uleule ukaidi wa mita uliotumalizia namba. Kipokezi kitazimwa, mita zitajaribu na kukosa, kisha zitaendelea na saa yao. Mlango ukifungwa kwa muda usiozidi saa mbili, mita yoyote itakuwa imekosa mara mbili kwa wingi. Itakapotuma mara ya tatu inaleta usomaji wake na miwili ya nyuma, na pengo linazibika lenyewe. Tukipita saa mbili, baadhi ya mita zitakosa mara tatu, na usomaji mmoja wa kila mita hiyo hautarudi tena. Ndiyo maana sikukubali pendekezo la kuzizuia mita zisirudie kutuma. Lingezirefusha siku 28 ziwe 84, lakini lingetuondolea kinga hii.

Mwisho wa saa 8 usiku umetoka kwa wenzetu wa mabomba. Wao hutafuta uvujaji kwa kuangalia maji yanayopita kati ya saa 8 na saa 10 usiku, wakati watu wamelala: bomba likionyesha mtiririko saa hizo, basi maji yanakwenda ardhini. Skrini yao lazima iwe hai saa hizo. Tutaanza saa 6 kamili ili tumalize kabla yao. Kwenye seva saa hiyo itasomeka 21:00, kwa kuwa saa yake iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Naomba anayekaa zamu nami asipotee hapo.

Kipokezi lazima kizimwe kabla ya kufuli kuingia, siyo baada. Mita 25,000 kwa saa ni kama 7 kila sekunde. Kipokezi kikiachwa wazi, kila moja itashika muunganisho na kusubiri. Seva yetu inakubali miunganisho 100, kwa hiyo ndani ya sekunde 15 hivi yote itakuwa imejaa watu wanaosubiri `usomaji`, na hata mwenye kutaka jedwali la malipo, ambalo halina kosa lolote, atafungiwa nje.

Nakala rudufu ya kila usiku huanza saa 7, katikati kabisa ya muda wetu. Nayo husoma majedwali yote na kushika kufuli la msomaji mpaka imalize. Jumamosi itaanza saa 3 usiku. Tukiingia kazini, tutakuwa na nakala ya saa chache tu zilizopita.

Swali la pili la dada yule: si tuna seva ya pili ya ripoti, kwa nini tusisome huko? Ile seva inaiga ya kwanza hatua kwa hatua, na kufuli hili ni mojawapo ya hatua zinazoigwa. Likifungwa hapa linafungwa na kule. Ripoti itakayokuwa inaendelea huko haitasubiriwa sana, itakatwa. Kwa hiyo tafadhalini msiache ripoti ndefu ikiendelea Jumamosi usiku kwenye seva yoyote kati ya hizo mbili.

Jumamosi yenyewe

Jaribio la wiki iliyopita lilitufundisha mambo mawili ambayo yangetuharibia usiku. La kwanza, amri ilikataa kabisa kwa kuwa ripoti ya mwezi, `v_usomaji_mwezi`, inaitumia safu ya `id`. Inabidi ifutwe na kuundwa upya, na ikiundwa upya inakuja bila ruhusa zake. Kama nisingejaribu, Jumatatu asubuhi watu wa ankara wangeambiwa hawana haki ya kuiona. La pili ni la hila zaidi. Safu ikibadilishwa kuwa `bigint`, kitoa namba chake hakibadiliki. Kilizaliwa na mwisho uleule wa 2,147,483,647, na kingesimama siku ileile ya 29 kama vile hatukufanya lolote. Kwa hiyo kazi ya Jumamosi ni hii:

```sql
BEGIN;
SET LOCAL lock_timeout = '10s';
SET LOCAL statement_timeout = '100min';
DROP VIEW v_usomaji_mwezi;
ALTER TABLE usomaji ALTER COLUMN id TYPE bigint;
ALTER SEQUENCE usomaji_id_seq AS bigint;
-- CREATE VIEW v_usomaji_mwezi na GRANT zake
COMMIT;
ANALYZE usomaji;
```

`lock_timeout` ni funzo la zile dakika 22: kufuli lisipopatikana ndani ya sekunde 10, tunajiondoa kwenye foleni na wengine wanapita, kisha tunamtafuta aliyeshika na kujaribu tena. `statement_timeout` inalinda ahadi ya saa mbili. Amri ikifika dakika ya 100 bila kumaliza, inakatwa na tunafungua tukiwa na jedwali la zamani. Hiyo `ANALYZE` msiione ndogo. Mabadiliko ya aina hufuta takwimu za safu, na bila takwimu hifadhidata hukisia vibaya njia ya kutafuta. Tutaisubiri imalize ndipo tukiwashe kipokezi.

Ikiwa Jumamosi itashindikana, ipo njia ya dharura, nami nimeiandaa: kukiambia kitoa namba kianze upya kutoka kwenye namba hasi, -2,147,483,648, kije kikipanda kuelekea sifuri. Hiyo haihitaji kufuli refu na inatununulia miaka mitatu na ushee. Siipendi, na watu wa ankara wataelewa mara moja kwa nini. Programu yao hupata usomaji wa mwisho wa mteja kwa `ORDER BY id DESC LIMIT 1`. Usomaji mpya wenye namba hasi ungekaa chini ya ule wa zamani, na mteja angetozwa kwa usomaji wa mwezi uliopita. Kabla ya kuigusa njia hiyo ni lazima programu ile ipange kwa saa ya usomaji, siyo kwa namba.

Ninachohitaji kutoka kwenu kabla ya Alhamisi jioni ni vitu viwili. Ankara, nitajieni programu zote zinazosoma `id`, zikiwamo zile za pembeni ambazo mtu alizitengeneza mwenyewe, kwa kuwa programu iliyotenga nafasi ya baiti 4 itaanguka siku namba itakapopita mpaka wa zamani, hata kama hifadhidata iko sawa. Huduma kwa wateja, nipeni jina la atakayekuwa zamu ya simu Jumamosi usiku. Kuanzia saa 6 mteja akiuliza mita yake, ajibiwe kwamba usomaji utaonekana baada ya saa 8, na asiendelee kubonyeza kitufe cha kutafuta. Mimi nitakuwa ofisini tangu saa 3 usiku, na nitawapigia simu saa ya kufunga na saa ya kufungua.